Burse na portali: kwa nini “Upload successful” haizuie dosie kukataliwa, na barua gani inaweza kusaidia

Wanafunzi wengi wa Kivu, Ituri na Maniema wanaotafuta burse ya kusoma inje ya inchi wanakuta maneno mawili yanayogongana kwenye ekrani moja. Siku ya kutuma, portali inaandika `Upload successful`. Siku mbili tatu nyuma, pembeni ya karatasi ileile, inaandika `Rejected`. Mwanafunzi anapiga picha ya ekrani na kuituma kwa ofisi ya burse kwa hasira: “Minilituma byote, bilikubali, sasa banasema hapana!” Mara nyingi jibu halikuji, ao linakuja wakati mlango umekwisha kufungwa.

Ugumu unaanzia hapa: maneno yale mawili hayasemi juu ya kitu kimoja. `Upload successful` inasema tu kwamba faili imefika kwenye mashini ya ofisi. Ni sawa na mlinzi wa mlangoni anayepokea bahasha na kupiga kashe juu yake. Hajaifungua. `Rejected` inakuja nyuma, wakati mtu, ao programu, amefungua faili na kuangalia iko na nini ndani. Kwa hiyo picha ya ekrani inayoonyesha kwamba faili ilifika haivunje uamuzi wa kuikataa. Inaonyesha siku na saa ya kutuma, basi. Hiyo si kidogo, lakini barua inayosimama juu yake peke yake inajibu swali ambalo ofisi haikuuliza.

Swali la kweli ni hili: ndani ya faili kulikuwa nini? Mbele ya kuandika, mwanafunzi anapashwa kurudi kwenye portali na kufungua faili palepale ilipo, si ile iliyobaki kwenye telefone. Kama koneksio ilikatika katikati, faili inaweza kukataa kufunguka. Kama alipiga picha ya diploma usiku chini ya taa ya mkononi, kashe na nambari hazisomeke. Kama portali iliomba diploma na yeye akaweka atestasio ya kufaulu, juu diploma yenyewe ya Serikali ingali haijatoka, aliyekagua aliona karatasi ingine. Na kama karatasi iko kwa Kifaransa na ofisi iliomba tafsiri ya Kiingereza, hata karatasi safi kabisa inarudishwa.

Kuko sababu moja inayogusa Wakongomani zaidi ya wengine: majina. Tangu wakati wa Mobutu, mwaka wa 1972, alipokataza majina ya kigeni, kulizaliwa desturi ya postinomu. Leo Wakongomani wengi wako na jina, postinomu na prenomu. Lakini portali nyingi za inje zinauliza mambo mawili tu: `First name` na `Last name`. Postinomu inakosa nafasi.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa kike wa Butembo. Diploma yake ina majina matatu. Kwenye fomu aliandika mawili: prenomu na jina. Tarehe 3 Machi, saa 14:12, alituma diploma kutoka siberi, na portali ikakubali. Tarehe 5 Machi akakuta `Rejected`, bila sababu. Alifungua faili kwenye portali: inafunguka, kurasa 2, kashe inasomeka, tafsiri iko. Kilichobaki ni majina. Mtu anayekagua dosie mbali na Kongo anaona fomu ya mtu wa majina mawili na diploma ya mtu wa majina matatu, na hana namna ya kujua kwamba ni mtu mmoja. Tena mwanafunzi hawezi kurekebisha peke yake, kwa sababu fomu ilifungwa siku aliyobonyeza `Submit`.

Hapo njo barua inapata kazi. Shuleni kwetu watu wanafundishwa kuanza barua kwa heshima ndefu, “ninayo heshima kubwa ya kuja mbele ya utukufu wenu”, na shida inatokea kwenye mustari wa kumi. Mtu wa ofisi aliye na imeli nyingi za kusoma siku ile anaweza kuacha mbele ya kufika pale. Heshima inatosha kwa neno moja: Bwana ao Bibi. Kisha mambo yenyewe, kwa Kifaransa ao Kiingereza kufuatana na luga ya ofisi. Kwa Kiswahili, barua ya huyu wa Butembo ingesema hivi:

“Mada: Dosie nambari (nambari kamili), diploma iliyokataliwa, ombi la kurekebisha jina mbele ya tarehe 20 Machi.

Bibi, Bwana, tarehe 3 Machi saa 14:12, saa za Butembo (UTC+2), nilituma diploma yangu na portali iliandika Upload successful (picha 1). Tarehe 5 Machi iliandika Rejected bila kutaja sababu (picha 2). Nimefungua faili kwenye portali: kurasa zote 2 zinasomeka. Nafikiri sababu ni jina. Diploma ina majina matatu. Fomu yenu ina nafasi mbili, na postinomu yangu haikuandikwa. Pasiporti yangu, iliyo pamoja na barua hii, inaonyesha majina yote matatu na tarehe ileile ya kuzaliwa. Naomba muniambie kama sababu ni hiyo, na munifungulie fomu niandike jina kamili. Kama ni sababu ingine, naomba muitaje ili niweze kurekebisha.”

Barua hii haibishane na haiombe huruma. Inaomba vitu viwili ambavyo mtu wa ofisi anaweza kufanya siku ileile: kutaja sababu na kufungua fomu. Kwa asiyekuwa na pasiporti, karte ya mchaguzi, ambayo kwetu inatumika kama kitambulisho, inaweza kufunga pengo la jina, kama ofisi inaikubali.

Picha ya ekrani nayo inapashwa kuwa nzima. Ikikatwa na kubaki neno `Rejected` peke yake, haionyeshe ni dosie ya nani wala ya siku gani. Inafaa ionekane nambari ya dosie, jina la faili, tarehe na saa. Tena isipitishwe kwenye kundi za WatsApu, kwa sababu nambari ya dosie na tarehe ya kuzaliwa zinatosha kumpa mdanganyifu namna ya kumwandikia mwanafunzi akijifanya ofisi ya burse na kumuomba dolari “za kufungua dosie”.

Saa za kufunga nazo zinadanganya. Mashariki ya Kongo iko UTC+2, saa moja mbele ya Kinshasa. Portali ikifunga 23:59 kwa saa za Beijing, Butembo na Bunia ni 17:59 tu. Anayengoja usiku juu koneksio inakuwa nzuri anakuta mlango umefungwa tangu magaribi.

Barua nzuri iko na mipaka. Kama karatasi yenyewe haitimize sharti, hakuna maneno yatakayoibadilisha. Na ofisi inayoandika `Rejected` bila sababu inamwachia mwombaji kazi ya kubahatisha kosa lake, na akikosea, mwaka mzima wa masomo unapotea. Barua inayouliza sababu kwa maandishi, na tarehe yake, njo inabaki kuonyesha kwamba mwombaji aliuliza wakati mlango ungali wazi.