Hesabu ya Mtaani: Chukudu ya kukodi au kichwa chako?
Na Furaha Bahati

Tuchukue mama wa Majengo anayetengeneza sabuni za mche nyumbani na kuziuza kwenye butiki za karibu na soko la Virunga. Faida yake, kabla ya usafiri, tuseme ni faranga 4.000 kwa katoni. Kila Ijumaa ana katoni kumi za kupeleka.

Motari anabeba mbili kwa faranga 3.000, yaani 1.500 kwa kila katoni. Msukuma chukudu anazipakia zote kwa mara moja kwa 6.000, sawa na 600 kwa katoni. Ndiyo maana mboga za Kibumba bado zinateremka Goma kwa chukudu: mzigo mkubwa, na mteremko hauli mafuta. Lakini anayekodi chukudu lazima akusanye oda hadi zijae. Butiki inayotaka katoni moja leo haitangoja Ijumaa, na hiyo ni kazi ya motari.

Akibeba mwenyewe na binti zake halipi kitu, ila asubuhi nzima inakwisha njiani. Asubuhi hiyo angemimina katoni tatu, faida 12.000. Ukitoa 6.000 za chukudu, kukodi kunamwachia 6.000. Wengi wanaishia hapo, na hapo ndipo wanapojidanganya. Zile 12.000 zipo tu kama katoni tatu za ziada zina mnunuzi. Kama chini ya kitanda kuna sabuni za wiki iliyopita, asubuhi aliyookoa haizai chochote, na 6.000 zimetoka mfukoni bure. Wiki ya namna hiyo abebe mwenyewe, asikie pia kwa mwenye butiki kwa nini mzigo umelala. Msukuma chukudu hatamletea habari hiyo.

Kumwajiri kijana kwa mwezi? Kwa safari nne za mwezi, chukudu inamgharimu 24.000. Sijaona kijana wa kukubali mshahara huo, wala sitamlaumu.

Hasara nyingine haimo katika bei ya safari. Sabuni ambayo haijakauka vizuri inabonyea ikitikiswa juu ya mawe ya volkano, na butiki inairudisha. Basi kwanza bonyeza mche kwa kidole gumba: ukiacha alama, usisafirishe. Mpe msukuma karatasi mbili zenye idadi ya katoni; moja ibaki butiki, nyingine irudi na saini. Asipokee pesa hata siku moja. Mwenye butiki alipe moja kwa moja kwenye simu ya mama, M-Pesa au Airtel Money. Tangu benki za Goma zifungwe mwishoni mwa Januari 2025, pesa nyingi zinapita huko, na wakala anakata chake ukizitoa. Makato hayo yaingie katika hesabu ya katoni pamoja na zile 600, kabla mama hajataja bei butiki.