"Muamala umeshindikana" haisemi kitu

Wasee, nimeona potfolio nyingi za watu wanaoandikia apu maneno: skrinshoti kumi, vitufe vinang'aa, rangi safi. Ukiuliza kwa nini kitufe kinasema hivyo, kimya. Sisi tulioacha kampasi hatuna cheti cha kuonyesha, potfolio ndiyo cheti. Mimi ningeweka ujumbe mmoja tu, ule wa malipo yaliyokwama.

Chukua apu inayolipisha kwa M-PESA kupitia Daraja ya Safaricom. Unabonyeza "Lipa", simu inakuomba PIN, kisha apu inarudishiwa nambari ya jibu. 0 ni malipo yamepita. 1 ni salio halitoshi. 1032, mteja mwenyewe ameghairi. 1037, simu haikupatikana au mteja hakujibu kwa wakati. Halafu apu inachukua hizo tatu za mwisho na kuzifunika na sentensi moja: "Muamala umeshindikana. Jaribu tena." Asiye na salio atajaribu hadi achoke, na hakuna aliyemwambia shida ni salio.

Sasa kuna hali ya nne, na hii ndiyo mbaya. Mteja ameshaweka PIN, lakini jibu halijafika kwa apu. Pesa inaweza kuwa imetoka. Ukimwambia mama mboga wa stegi ya Kanduyi "jaribu tena", unaweza kumlipisha mara mbili. Kwa hivyo kabla ya kuandika, kaa na developa umuulize: jibu likichelewa, apu inajua nini? Akisema haijui, andika hivyo hivyo:

"Bado hatujapata jibu la malipo yako. Usilipe tena kwa sasa. Ukipata meseji ya M-PESA inayothibitisha umelipa, pesa imetoka na tutaithibitisha hapa."

Ndefu, najua. Developa atalia nafasi. Kata kwingine, lakini "usilipe tena" ibaki.

Ukiijaribu kwa watu, usiulize "umeelewa?" Kila mtu hapa atasema ndiyo kwa heshima. Mpe simu, muulize, "Sasa utafanya nini?" Akisema atabonyeza tena, andika upya.

Mwongozo wa lugha nao hauhitaji kurasa arobaini za "sisi ni rafiki na wachangamfu". Sheng kwenye ukurasa wa kukaribisha, sawa, hata mimi napenda. Pesa ikikwama, hakuna utani, hakuna "Ooops". Sema kwanza pesa iko wapi, halafu cha kufanya. Weka mfano mmoja unaofaa na mmoja usiofaa, mwenzako ataandika kama wewe hata ukiwa umelala.

Kwenye potfolio basi, weka ujumbe wa zamani, swali ulilomuuliza developa, toleo ulilotupa na sababu yake, na walichofanya watu uliowapa simu. Kama apu si ya mteja, ulijitungia zoezi, andika hapo juu kabisa kwamba ni zoezi. Anayeajiri akigundua mwenyewe, hata ile kazi halisi ataitilia shaka.