Mwambie bosi mapema, halafu mtumie mesiji jioni hiyo hiyo

Kuna ushauri unazunguka kwa magrupu ya wasichana wa ofisi: ukipata mimba, nyamaza. Vaa nguo pana, subiri mpaka tumbo lijiseme. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka notisi ya maandishi ya siku saba tu kabla ya likizo ya uzazi, sasa ya nini kujianika mapema?

Manze, mimi napinga. Hizo siku saba ni kiwango cha chini kabisa, si mpango. Na kuna kitu hao washauri hawakuambii: sheria hiyo hiyo inasema mimba si sababu halali ya kumfuta mtu. Lakini bosi akidai hakujua una mimba, utamshika na nini? Nguo pana zinamlinda yeye, si wewe.

Rafiki yangu hakuficha, alisema. Alimwambia meneja wake kwenye ngazi, wakacheka, akapigwa pambaja. Wiki tatu baadaye akaambiwa kampuni inapunguza watu, na aliyepunguzwa ni yeye peke yake. Alipotaja mimba, jibu lilikuwa, "Mimba gani? Hatukuwa na habari." Mazungumzo ya ngazi hayana risiti.

Mimi nilikuwa nashughulikia oda za mtandaoni za duka la nguo hapa Nairobi. Nilimwambia meneja tarehe 10 Machi, nikiwa na wiki 14. Nilingoja hizo wiki 12 za kwanza zipite kwa sababu ndizo mimba nyingi huharibika. (Kama kazi yako ni kubeba mizigo au kushika kemikali, usingoje hivyo. Sema mara moja ubadilishiwe majukumu.) Nilibisha mlango saa kumi, nikasema, "Madam, niko na dakika tano za mambo yangu." Akanipa hongera, kisha swali likamtoka kabla hajalimeza: "Sasa Novemba nani atashika maoda?"

Wengi wenu mngeudhika hapo. Mimi niliona ni swali la haki. Novemba ndio mwezi wetu wa ofa kubwa. Mtoto alitarajiwa karibu tarehe 8 Septemba, na nilitaka kuanza likizo 25 Agosti. Miezi mitatu yenye mshahara kamili inaishia 25 Novemba, ofa zikiwa zimepamba moto. Ukimwambia meneja hayo Agosti, atatafuta mtu kwa hofu, na mtu anayetafutwa kwa hofu huwa anapewa meza yako jumla. Machi, kulikuwa na muda wa kufundisha msichana wa stoo pole pole.

Jioni hiyo nilituma hii kwa WhatsApp:

"Madam, asante kwa muda wako leo. Kama nilivyokueleza, nina mimba na natarajia kujifungua karibu tarehe 8 Septemba. Barua rasmi ya likizo nitaleta Julai. Kufikia Mei nitakuwa nimeandika orodha ya kazi zangu, tupange nani atakaimu mpaka nirudi."

Angalieni neno "atakaimu". Sikuandika "atakayechukua nafasi yangu". Sheria inakupa haki ya kurudi kwa kazi ile ile, au inayokufaa kwa masharti yasiyo mabaya zaidi. Usianze kuipeana kwa mdomo wako mwenyewe. Wala usiahidi kujibu wateja ukiwa wodini. Tuna hiyo tabia ya kuomba msamaha kwa kupata mtoto, halafu tunalipa kwa ahadi.

Nilijibiwa, "Sawa. Hongera tena mama." Hayo maneno manne ndiyo risiti. Nilipiga picha ya skrini, nikaituma kwa imeili yangu binafsi, kwa sababu imeili ya kazi hufungwa siku unayofutwa. Hakikisha pia mesiji zako hazijawekwa zijifute zenyewe.

Orodha yenyewe ilinifumbua macho. Nilidhani kubwa ni kujua wateja wasumbufu. Kumbe shida ilikuwa namba ya simu: kila mtu akitaka kuingia kwa ukurasa wa duka, kodi ya kuthibitisha ilikuja kwa laini yangu. Fikiria niko leba, na duka limefungiwa nje kwa sababu ya tarakimu sita. Tulihamisha kwa laini ya duka mwezi wa Mei. Kitu kingine kilichokuwa kichwani mwangu pekee ni maraida gani wanakubali kupeleka mzigo Rongai jioni. Nikaandika na hayo.

Julai nilipeleka barua ikiwa na tarehe mbili, ya kuondoka na ya kurudi, pamoja na cheti cha daktari. Madam aliisoma kwa nusu dakika, akasaini nakala yangu, akauliza kama msichana wa stoo ameshajua njia ya Rongai.