Wacheni Kunyoa Watu kwa Photoshop

Wasee wa studio, kuanzia Migori mjini hadi Homa Bay, leo ni nyinyi. Mwanaume anaingia kwenu na kidevu chake, anatoka na kidevu cha mwanasesere. Vipele vya wembe mmeondoa, sawa, lakini na vindevu vyake vyote vimeenda navyo. Shavu limelainika kama sahani ya plastiki, na pua iliyo hapo juu bado ina vitundu vyake vya ngozi. Wengine mnafanya kinyume: mnamjazia ndevu nyeusi tii, ukingo umenyooka kama umepigwa rula. Halafu mnaandika "kazi safi" chini yake.

Si kazi safi. Ni sura ya mtu mwingine.

Na kwetu huku picha haiishii kwa simu. Ile picha ya mahafali au ya harusi ndiyo siku moja familia huitoa kukiwa na msiba. Inawekwa kwa programu ya mazishi, kwa bango kando ya barabara, kwa fulana za waombolezaji. Watakaoiangalia ni mama yake, mke wake na kinyozi wake, watu wanaojua ndevu zake zinaanzia wapi na zinaishia wapi. Wakiuliza "huyu ni nani?", wewe ndiye uliyemfuta.

Kanuni yangu ni fupi: kinachopita, punguza, kinachokaa, heshimu. Kipele cha wembe hupita. Nywele zetu zimejikunja, kwa hivyo zikinyolewa karibu sana na ngozi, ncha iliyochongoka inaweza kupinda, ikaingia tena kwenye ngozi na kuifanya ivimbe. Akiacha kunyoa kwa wiki kadhaa, mara nyingi vinatulia. Lakini ile sehemu ya shavu isiyoota ndevu vizuri, au pengo kati ya masharubu na kidevu, hiyo ni ramani ya uso wake. Atakuwa nayo mwezi ujao pia.

Sasa tuingie kazini. Kwanza elewa unachokiona. Kwenye picha, kipele ni alama mbili tu: kidoa cheupe pale mwanga umegonga, na kivuli kidogo kando yake. Ndiyo maana taa ikitoka upande, shingo yote inaonekana imechafuka, na ukimgeuza mtu aangalie dirisha kubwa, nusu ya shida inaisha kabla hujafungua laptopu. Mpanguse jasho pia. Jasho ndilo linaloleta vidoa vyeupe.

Mteja wangu mmoja wa Awendo alikuja amenyolewa jana yake. Chini ya taya alikuwa na vipele vingi vidogo na vikubwa saba. Shavu la kulia lilikuwa na pengo la ukubwa wa sarafu ya shilingi kumi. Watu wengi hapo wangechukua Gaussian Blur na kupaka taya yote. Shida ni kwamba Gaussian Blur haijui kipele ni kipi na unywele ni upi. Inachanganya vyote, na unabaki na ukungu wa kijivu.

Vile vikubwa saba nilivitoa kimoja kimoja kwa Healing Brush, kwenye leya mpya tupu, Sample ikiwa Current & Below. Brashi iwe kubwa kidogo tu kuliko kipele. Sampuli uichukue mahali penye vindevu vya urefu uleule, vinavyolala upande uleule. Shingoni nywele nyingine huota zikielekea juu, kwa hivyo ukichukua sampuli ya shavuni ukaibandika shingoni, jicho litashtuka hata kama mtazamaji hawezi kusema kwa nini. Bonyeza mara moja, usiburute.

Vile vidogo sikuvitoa. Nilizima mwanga wake tu. Fungua leya nyingine tupu, iweke Darken, chukua Clone Stamp, Sample ibaki Current & Below, kisha chukua sampuli kwenye ngozi tambarare kando ya kipele na upake juu ya kile kidoa cheupe. Leya ya Darken hubadilisha tu kilicho cheupe kuliko sampuli yako. Unywele ni mweusi kuliko ngozi, kwa hivyo haiugusi. Kidoa kinazimika, kipele kinalala, na ndevu zote zimebaki pale zilipokuwa. Hiyo ndiyo siri yote, na hailipishwi.

Baki na mabaka. Hapa ndipo mnachanganya vitu viwili. Kuna madoa meusi yaliyoachwa na vipele vya zamani, na kuna mahali nywele ni chache. Madoa ni ngozi: fungua Curves, inua kidogo tu, ifiche kwa kinyago cheusi, halafu urudishe polepole kwa brashi nyeupe yenye Flow ya 5% juu ya doa pekee. Mahali penye nywele chache fanya kinyume: Curves nyingine, ishushe kidogo, na utie giza ngozi iliyo kati ya nywele zilizopo. Usipake rangi nyeusi. Nyeusi juu ya ngozi ya kahawia hugeuka majivu, na mtu anaonekana kama hajajipaka mafuta.

Yule wa Awendo, nilitia giza pembeni mwa lile pengo, pale nywele zinapoanza kupungua. Katikati niliacha. Pengo bado liko, lakini halikuiti tena kutoka upande wa pili wa chumba. Na msije mkachukua shavu la kushoto mkaligeuza kuziba la kulia. Mwanga utakuwa unatoka upande usiofaa, na hakuna binadamu mwenye mashavu pacha.

Kama unatumia simu, Healing ya Snapseed inatosha kwa vile vikubwa. Vuta picha karibu kabisa kwanza, kwa sababu kadiri unavyovuta ndivyo sehemu inayoguswa inavyokuwa ndogo. Ikikuletea kipande cha nywele kisichofanana, rudisha nyuma ujaribu tena. Vidogo viache.

Ukimaliza, itazame kwa 100%, kisha irudishe iwe ndogo kama picha ya wasifu. Taya ikiwa laini kuliko paji la uso, umezidisha. Ukiona kakundi kalekale ka nywele mara mbili, umenakili. Halafu zima na uwashe leya zako: muhtasari wa ndevu ukisogea hata kidogo, rudi nyuma.

Najua mtasema nini. "Mteja amelipa, anataka ndevu zijae." Sawa, pesa ni yake na uso ni wake. Lakini muulize kabla hujagusa, umwonyeshe zote mbili kando kwa kando: ile ya vipele vilivyotulia na ile ya ndevu za kuchora. Tatizo langu si mteja aliyechagua. Ni nyinyi mnaowachagulia, mnawauzia aibu ambayo hawakuja nayo, kwa sababu kupaka taya nzima ni sekunde kumi na kufanya kazi hii ni dakika ishirini.

Kama huna hizo dakika ishirini, mwachie mtu vipele vyake. Angalau mama yake atamjua.