Msee wa Stima Amebisha Huruma? Mwitishe Namba Kwanza

Chukulia ni saa nne asubuhi, ploti fulani hapa Huruma, Eldoret. Mathe yuko pekee yake kwa keja. Hodi! Msee wa riflekta na beji shingoni: "Mathe, nimekuja kusoma mita. Lipa soo tano ama nikate stima."

Hapo kuna kitu hakiingiani. Mita ya tokeni unalipia kabla utumie, kwa hivyo hakuna bili inangoja kusomwa. Ni kweli Kenya Power hutuma watu kukagua hizo mita kama kuna wizi wa stima, lakini doo haipitii mkononi. Tokeni inalipiwa Paybill 888880, bili ya kila mwezi 888888. Sio namba ya simu ya mtu.

Unakumbuka 2024? Mita za tokeni zilifaa kuapdetiwa kabla ya Novemba 24. Ukinunua tokeni, ulitumiwa kodi mbili za tarakimu 20, unaziingiza mwenyewe, halafu tokeni. Bure kabisa. Yeyote aliyebisha akiitisha ganji ya kuapdeti mita alikuwa anakula watu.

Sasa akibisha, mwache nje na mlango ufungwe. Akusomee namba ya beji. Piga *977#, ingia Jua For Sure, weka hiyo namba, uone kama jina linalingana. Hata likilingana, usimpe kesh. Na kama mita iko kwa ukuta wa nje, ndani ya keja anatafuta nini?

Akianza kukuharakisha, ita majirani. Msee wa ukweli atangoja.