Avokado ya Desemba Inakula Doo Yako

Kila mwaka ikifika Desemba naona malalamiko yale yale: mama mboga amepandisha avokado, mama mboga siku hizi ni mwizi. Wasee, mama mboga hana makosa. Shida ni sisi tunaotaka tunda lile lile miezi kumi na miwili.

Avokado nyingi tunazokula Nairobi zinatoka Murang'a, Kiambu na pande hizo. Msimu mkubwa kule unaanza kama Machi na kusonga hadi Agosti au Septemba. Baada ya hapo zinazobaki ni chache, na ndiyo maana bei inaruka. Lakini bei ndiyo hasara ndogo. Hasara kubwa iko ndani ya tunda.

Avokado haiivi ikiwa juu ya mti. Mtini inakomaa tu, yaani inajaza mafuta ndani polepole, halafu inaanza kulainika baada ya kuchumwa. Kwa hivyo kukomaa ni kitu kimoja na kuiva ni kingine. Kufikia Desemba miti mingi imebeba matunda machanga ya msimu unaokuja, na kwa sababu bei ni tamu, kuna wanaoyachuma mapema. Kwa macho utaona tunda kubwa na zuri. Ukiliweka kwa dirisha wiki nzima, linakunjamana, shingo inakuwa mpira, na ndani ni majimaji tu. Hata ukilifunga kwa karatasi na ndizi mbivu haitasaidia. Ndizi inaharakisha kuiva, haiwezi kuongeza mafuta ambayo hayakuwepo.

Si mimi tu nasema. Mwishoni mwa 2021 serikali ilifunga kwa muda uvunaji wa avokado za kuuzwa nje, kwa sababu matunda machanga yalikuwa yanaharibu jina la Kenya sokoni. Kama mnunuzi wa Ulaya hataki hizo, mbona wewe uzilipie zaidi?

Piga hesabu na mimi. Tuseme Mei moja ni mbao na Desemba ni hamsini. Na soo yako, Mei unapata tano. Hata moja ikiharibika, umekula nne, kila moja imekugharimu 25. Desemba soo hiyo inakupa mbili. Moja ikigeuka mpira, umekula moja ya mia. Bei ya mama mboga ilipanda mara mbili na nusu, lakini ile umelipa kwa ukweli imepanda mara nne. Kama unaishi bedsita na pesa yako inakuja kidogo kidogo kama yangu, hiyo si tofauti ya kupuuza.

Sasa utajuaje msimu umefika bila kukariri kalenda? Angalia mtaa kwanza. Msimu ukiingia, tunda linatoka kwa kibanda na kufika barabarani: mikokoteni, pikapu, watu wanauza kwa ndoo, na bei inashuka kila mahali kwa pamoja. Kama ni kibanda kimoja tu kina avokado nne zimepangwa kama mayai, msimu bado.

Halafu angalia kokwa. Ukikata avokado, cheki ngozi inayofunika kokwa. Ikiwa nyembamba, kavu na ya kahawia, tunda lilikomaa. Ikiwa nene, nyeupe na imeshikamana na kokwa, lilichumwa changa. Kwa hivyo usinunue sita siku ya kwanza. Nunua moja, mwambie mama mboga akukatie hapo hapo, soma kokwa, ndiyo uamue.

Nikubali jambo moja: Kenya ina milima na mabonde, kwa hivyo si kila mahali miti inazaa wakati mmoja. Unaweza kupata avokado iliyokomaa hata Desemba. Kokwa ndiyo itakuambia, si mwezi.

Na ukikosa, kula embe. Wakati avokado zinaadimika, maembe ya Makueni na Machakos ndiyo yanaingia, kuanzia kama Novemba hadi Machi, na Januari yanamwagika hadi kando ya barabara. Embe lililokomaa limejaa mashavu, na mabega yake yameinuka pale kikonyo kinaposhika. Likiwa bapa na mabega yamelala, liache.

Matunda haya mawili yanapokezana kijiti karibu mwaka mzima. Anayelalamika Desemba kuhusu avokado mara nyingi amesimama kando ya mkokoteni wa maembe. Geuza kichwa tu.