Bajeti isiyo na tarehe

HESABU ZA NYUMBANI
Na Zeinab Dagane

Semina za kuweka akiba zinazofanywa mijini mwetu hufundisha bajeti ya aina moja. Unaandika mapato ya mwezi upande mmoja wa karatasi na matumizi upande wa pili, unatoa, na ukibaki na kitu unaambiwa uko sawa. Nimeziona karatasi hizo Masalani mikononi mwa walimu, wauguzi na wenye vibanda, na nasema wazi kuwa zinawapotosha. Jumla ya mwezi inaweza kuwa nzuri na bado nyumba ikakaa siku tisa bila shilingi, ikila kwa daftari la duka.

Masalani ni makao makuu ya Ijara, kusini mwa Kaunti ya Garissa, karibu na Mto Tana. Pesa za hapa haziingii kwa mpangilio mmoja. Mshahara wa mfanyakazi wa kaunti hutegemea mgao wa Hazina ya Taifa, na mgao ukichelewa mshahara nao huchelewa. Mbuzi huuzwa mnunuzi akipatikana. Jamaa aliye ng'ambo hutuma akijaliwa. Matumizi, kwa upande mwingine, yana siku zake, kwa kuwa mwenye nyumba, mchungaji na wenzako wa ayuuto wote wanaijua tarehe yao. Kwa hiyo swali la kwanza la bajeti ya hapa ni siku gani pesa itakatika. Kiasi kitakachobaki mwisho wa mwezi ni swali la pili.

Lahajedwali hulijibu swali hilo vizuri kuliko karatasi, hata lile la bure la kwenye simu. Safu tano zinatosha: A ni tarehe, B ni maelezo, C ni pesa inayoingia, D ni pesa inayotoka, E ni baki. Kila tukio lipewe mstari wake na siku yake. Salio ulilovuka nalo kutoka mwezi uliopita liandikwe mstari wa 2, kwenye C, kama pesa iliyoingia.

Tuchukue familia ya muuguzi mmoja. Takwimu nimezitunga, ila mistari yenyewe ni ile iliyo katika nyumba nyingi za hapa. Tarehe 1 Novemba ana 3,500 za Oktoba. Tarehe 3 mshahara unaingia, 42,000 baada ya makato yote. Tarehe 4 analipa kodi ya nyumba 7,000 na deni la duka la Oktoba 12,000. Tarehe 5 anatoa ayuuto 5,000 na malipo ya mchungaji anayekaa na ng'ombe wake malishoni, 6,000. Tarehe 6 anamtumia mama yake aliyeko Hulugho 4,000. Tarehe 8 ni dugsi na ada ndogondogo za shule, 3,000. Tarehe 10 ni maji ya mkokoteni na tokeni za stima, 2,500. Tarehe 15 ananunua chakula cha nusu ya pili ya mwezi, 9,500. Tarehe 24 anauza mbuzi wawili, 13,000. Tarehe 28 anaongeza chakula na nauli, 4,000.

Jumla ya zilizoingia, pamoja na salio la Oktoba, ni 58,500. Zilizotoka ni 53,000. Zinabaki 5,500, na karatasi ya semina ingempongeza. Safu ya E inasema mengine. Tarehe 10 amebaki na 6,000. Tarehe 15, baada ya chakula, baki ni hasi 3,500, na hali hiyo inadumu hadi mbuzi wauzwe tarehe 24. Pesa taslimu haiwezi kuwa hasi. Maana ya namba hiyo ni kwamba chakula cha 3,500 kitachukuliwa kwa mkopo dukani, na ndivyo deni la Novemba linavyozaliwa katika mwezi uliofungwa na ziada.

Sasa fomula ya baki. Wengi hufundishwa kuchukua baki ya mstari wa juu, kuongeza kilichoingia na kutoa kilichotoka, yaani `=E5+C6-D6`. Inafanya kazi mpaka siku unapokumbuka nauli ya tarehe 7 na kuingiza mstari mpya katikati. Mstari uliokuwa chini yake unaendelea kuitazama baki ya zamani, kwa hiyo nauli ile inarukwa na hesabu yote ya chini inakuwa kubwa kuliko pesa iliyopo mfukoni. Hakuna onyo lolote linalotokea. Utagundua tu ukijumlisha safu ya C, ukatoa jumla ya D, na jibu likakataa kulingana na baki ya mwisho. Afadhali kila mstari ujihesabie wenyewe kuanzia juu:

```
=SUM(C$2:C2)-SUM(D$2:D2)
```

Hiyo inaandikwa kwenye E2, kisha unaiburuta hadi mstari wa mwisho. Alama ya dola inaifunga namba 2 ya kwanza isisogee, na ile ya pili inashuka pamoja na mstari. Ukiingiza mstari katikati, iliyo chini itaihesabu pesa yake, na kazi yako itakuwa kunakili fomula kwenye huo mstari mpya peke yake. Kisha katika kisanduku kilicho pembeni, tuseme G1, andika fomula ambayo mimi naiona ndiyo moyo wa jedwali zima:

```
=MIN(E2:E40)
```

Hii inakuonyesha baki ya chini kabisa ya mwezi. Kwa muuguzi wetu itasoma -3500. Kazi ya kupanga mwezi ni kuipandisha namba hiyo ifike sifuri au zaidi kabla mwezi haujaanza.

Na mara nyingi hupanda bila kupunguza chochote. Muuguzi akikubaliana na mchungaji ampe 3,000 tarehe 5 na 3,000 nyingine tarehe 25, baki ya chini inakuwa hasi 500. Akisogeza manunuzi ya 1,000 kutoka tarehe 15 hadi 24, inakuwa 500 juu ya sifuri. Kodi ni ileile, mama amepata fungu lake kamili, na mwezi unafungwa na 5,500 zilezile. Kilichobadilika ni tarehe mbili tu, na safari hii hakuna deni la duka linalovuka kwenda Desemba.

Jaribu pia mwezi mbaya. Badilisha tarehe ya mshahara iwe 17, panga mistari upya kwa tarehe, uitazame G1. Kwa jedwali la awali itasoma -45500. Hakuna duka Masalani litakalokukopesha kiasi hicho, na hapo ndipo unapolazimika kutenganisha kinachoweza kungoja na kisichoweza. Mwenye nyumba huongeleka, na mwenye duka anamjua kila mfanyakazi wa kaunti pamoja na tarehe za mshahara wake. Ayuuto haingoji, kwa kuwa ni zamu ya mtu aliyekwisha kupangia pesa hizo. Maji na chakula havingoji. Vitatu hivyo hadi tarehe 15 ni 17,000, naye ana 3,500, kwa hiyo anahitaji 13,500. Mbuzi wawili wakiuzwa mapema kwa bei ileile, upungufu ni 500. Anayeyajua haya mwishoni mwa Oktoba anatafuta mnunuzi kwa utulivu. Anayeyajua tarehe 14 atapokea bei yoyote atakayotajiwa.

Kuhusu mifugo nina msimamo mkali. Ng'ombe asiandikwe kwenye safu ya C mpaka pesa yake iwe mkononi au kwenye simu. Ukame uliotupiga kuanzia mwishoni mwa 2020, misimu mitano ya mvua mfululizo ikikosekana, ulituonyesha sababu: ng'ombe walikonda, bei zao zikaanguka, na wakati huohuo bei ya chakula ikapanda. Mali ile ile uliyoihesabu kuwa mapato ndiyo iliyogeuka matumizi ya kununua nyasi na maji. Mafuriko nayo yana mlango wake. Novemba 2023 na tena Aprili 2024 maji ya Tana yaliikata barabara ya Garissa na Madogo, njia ya bidhaa zinazotoka Nairobi. Mwezi wa namna hiyo mstari wa chakula unataka namba kubwa kuliko ya mwezi uliopita, hata kama familia inakula kilekile. Ramadhani pia haikai mahali pamoja, maana kila mwaka hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kwenye kalenda ya mshahara. Anayenakili jedwali la Machi mwaka jana kuwa la Machi mwaka huu atakosea.

Deni la duka lipewe ukurasa wake, wenye safu zilezile tano: ulichokopa kwenye C, ulicholipa kwenye D. Ukichukua mchele kwa daftari, andika huko na usiuguse ukurasa wa pesa. Siku ya kulipa, andika kote kuwili. Ukichanganya, chakula kimoja kitatolewa mara mbili, siku ya kukopa na siku ya kulipa, au kisitolewe kabisa. Na kila mwisho wa mwezi linganisha baki ya ukurasa huo na daftari la mwenye duka, mbele yake.

Kosa linalowapata wengi zaidi liko kwenye uandishi wenyewe. Ukiandika 5000/= jedwali linayaona hayo kuwa maneno, na `SUM` huyaruka maneno kimyakimya. Andika 5000 peke yake. Tarehe nazo zina mtego: simu iliyopangiwa mtindo wa Marekani ikiona 3/11 inasoma tarehe 11 Machi, na ikiona 15/11 inashindwa kuielewa, inaiacha kama maneno. Ukipanga mistari, mshahara wa Novemba unakwenda kukaa Machi. Andika 2025-11-03, mwaka ukitangulia, na utata unaisha. Kulitambua kosa ni rahisi, kwa kuwa namba na tarehe zilizoeleweka hujipanga upande wa kulia wa kisanduku na maneno hukaa kushoto. Pitisha jicho kwenye safu za A, C na D, na chochote kilichoegemea kushoto ukiandike upya.

Ombi langu kwa serikali ya kaunti ni moja. Mkijua mshahara utachelewa, wajulisheni wafanyakazi tarehe mnayoitarajia, hata kama ni ya kukisia, kabla mwezi haujaisha. Wanaoendesha semina nao waongeze safu ya tarehe kwenye zile karatasi zao. Nawe msomaji, kabla ya mshahara ujao, andika mistari kumi tu ya nyumba yako kwa tarehe zake, kisha usome kinachoonekana kwenye G1.